Kukokotoa uwiano wa bei kwa faida ambao hisa inastahili

Ubao wa soko hukuonyesha uwiano wa bei kwa faida (P/E) ambao wanunuzi wanalipa. Uwiano ambao hisa inastahili huna budi kuukokotoa mwenyewe, kwa kutumia sehemu ya faida inayotolewa kama gawio (d), kasi ya ukuaji (g) na faida ambayo wewe mwekezaji unaidai (r).

```
P/E ya faida ijayo     = d / (r - g)
P/E ya faida iliyopita = d × (1 + g) / (r - g)
```

Tuchukue benki ya kubuni iliyopata faida ya shilingi 200 kwa kila hisa mwaka jana na kutoa gawio la shilingi 100.

Hatua ya kwanza ni kupata d, ambayo hapa ni 100 ÷ 200, yaani asilimia 50. Mwaka wenye gawio maalumu usiutumie peke yake. Chukua wastani wa miaka kadhaa.

Hatua ya pili ni ukuaji, nao usiukisie. Ikiwa benki inazalisha asilimia 18 juu ya mtaji wa wanahisa na kubakiza nusu ya faida, basi g ni 0.50 × 18, yaani asilimia 9. Kwa kuwa kanuni hii inachukulia kwamba ukuaji hauna kikomo, g ikizidi ukuaji wa uchumi mzima pamoja na mfumuko wa bei, ipunguze, maana hakuna kampuni itakayoumeza uchumi inamofanyia kazi.

Hatua ya tatu ni r. Mimi huanza na riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu, kisha huongeza fidia ya hatari ya hisa. Hapa tuseme jumla ni asilimia 15.

Hatua ya nne ni kugawanya: 0.50 ÷ 0.06 ni 8.3 kwa faida ijayo, na 9.1 kwa faida iliyopita.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika majedwali ya wenzangu ni kupandisha d hadi asilimia 60 huku g ikiachwa palepale, na uwiano ukaruka hadi 10. Gawio likiongezeka, kinachobaki kukuza biashara kinapungua: g inashuka hadi 7.2, na jibu sahihi ni 0.60 ÷ 0.078, yaani 7.7. Uwiano umeshuka kwa sababu benki inazalisha asilimia 18 kwa fedha ambayo wewe unaidai asilimia 15 tu. Kama ingezalisha asilimia 15 kamili, kiasi cha gawio kisingebadilisha kitu, na uwiano ungekuwa 1 ÷ 0.15, yaani 6.7, daima.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha na soko. Hisa ikiuzwa shilingi 1,400, uwiano wake kwa faida iliyopita ni 7, nao unalinganishwa na 9.1, si na 8.3. Kabla ya kununua, geuza kanuni utafute g inayoleta 7: utapata takriban asilimia 7.3. Sasa fungua hesabu za benki uone kama mikopo chechefu inaongezeka, kwa kuwa huenda wauzaji wameshaona kwamba ile asilimia 18 haitadumu.