Kupima uhamaji wa polisalfaidi kwa seli mbili za kitufe

Gramu moja ya salfa inaweza kinadharia kubeba 1,672 mAh. Ikiunganishwa na lithiamu katika betri, hesabu ya viambato hivyo viwili peke yake inafika takriban Wh 2,600 kwa kilo. Tatizo ni kwamba salfa haigeuki Li2S, yaani salfaidi ya lithiamu, kwa mkupuo mmoja. Hupitia Li2S8, Li2S6 na Li2S4, na hizi polisalfaidi huyeyuka katika elektrolaiti, kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya seli. Wakati wa kuchaji hufika kwenye lithiamu, hupokea elektroni huko na kukatika kuwa minyororo mifupi, kisha hurudi kwenye kathodi, upande wa salfa, kuchajiwa upya. Huo ndio uhamaji: umeme unaingia, lakini hauhifadhiwi.

Hatua ya 1: kathodi. Pasha salfa na kaboni yenye vitundu kwa 155 °C, saa 12, ndani ya chombo kilichofungwa. Paka mchanganyiko huo pamoja na gundi yake kwenye karatasi ya alumini, ukaushe kwa 60 °C. Joto likizidi, salfa hupotea kama mvuke. Pima kila kisahani. Tuseme kina miligramu 1.5 za salfa: uwezo wake wa juu kabisa ni 2.5 mAh, na mkondo wa 0.25 mA utaujaza kwa saa 10.

Hatua ya 2: elektrolaiti. Changanya viyeyushi DOL na DME kwa ujazo sawa, pamoja na chumvi ya lithiamu LiTFSI, mol 1 kwa lita. Gawa mara mbili, na nusu moja uitie LiNO3, yaani nitrati ya lithiamu, asilimia 2 ya uzito; kila nusu ni ya seli yake. Weka mikrolita 22 katika kila seli, bila kukisia, kwa sababu elektrolaiti ikizidi, polisalfaidi nyingi zaidi huyeyuka. Elektrolaiti za kabonati za betri za kawaida hazifai hapa, polisalfaidi huzishambulia.

Hatua ya 3: mizunguko. Shusha hadi V 1.8, chaji hadi V 2.8, na uweke kikomo cha saa 15 za kuchaji. Usishuke chini ya V 1.6, maana LiNO3 huharibika kwenye kathodi.

Kikomo hicho ndicho kitakachokuonyesha ugonjwa. Seli isiyo na LiNO3 inaweza kukwama karibu na V 2.4 hadi muda uishe. Saa 15 kwa 0.25 mA ni 3.75 mAh, kiasi ambacho salfa yako haiwezi kubeba kamwe. Ikitoa 1.7 mAh baadaye, ufanisi ni asilimia 45 tu.

Seli yenye LiNO3 itafika V 2.8 mapema, kwa kuwa chumvi hiyo hujenga utando juu ya lithiamu. Usiridhike na ufanisi wake pekee: polisalfaidi bado zinatoka kwenye kathodi, na LiNO3 huliwa kila utando unapopasuka. Fuatilia pia uwezo. Ukishuka huku ufanisi ukibaki karibu na 100, salfa inapotea bila kuzunguka.

Ukitaka kuthibitisha, fungua seli ndani ya sanduku la agoni uone kama kitenganishi, utando ulio kati ya kathodi na lithiamu, kimegeuka njano au kahawia. Nje ya sanduku, Li2S ikikutana na unyevu hutoa H2S, gesi yenye sumu.