Picha ndefu ya gumzo la kundi: anza kusoma kutoka chini

Ukiachiwa kazi ya kufupisha picha ya skrini ya gumzo refu, usianze juu. Anza chini, kisha panda kuelekea juu. Watu hubadili mawazo njiani, na ukianza juu utaandika uamuzi uliokwisha kufutwa ujumbe 20 baadaye.

Mfano: juu kabisa mwenyekiti anasema, "Tukutane Jumamosi." Watatu wanaweka dole gumba. Chini zaidi katibu anaandika, "Jumamosi ukumbi umejaa, iwe Jumapili saa nane," na mwenyekiti anajibu, "Sawa." Uamuzi ni Jumapili saa nane. Yale madole matatu hayahusiki tena.

Kwenye majukumu ndipo wengi tunapoteleza. "Mtu apige simu ukumbini" si jukumu la mtu yeyote mpaka ajitokeze wa kusema "nitapiga mimi." Na "nitaangalia" mimi siihesabu kuwa ndiyo, naiweka chini ya "Bado haijathibitishwa." Tuseme katibu ndiye aliyejitokeza kupiga simu kabla ya Ijumaa, na mweka hazina akaandika "nitaangalia hesabu." Hivyo muhtasari unatoka hivi:

Imeamuliwa: kikao Jumapili tarehe 14, saa nane mchana.
Katibu: kupiga simu ukumbini kabla ya Ijumaa tarehe 12.
Mweka hazina: alisema ataangalia hesabu, bado haijathibitishwa.

Tarehe nimeziandika kwa makusudi. "Kesho" ya kwenye picha huhesabiwa tangu siku ujumbe ulipotumwa, si siku unayoisoma wewe. Kama tarehe imekatwa kwenye picha, muulize aliyekutumia.