Somo: Kujibu swali la Mkataba wa Versailles kwa aya tatu

Swali lenyewe: "Eleza masharti ya Mkataba wa Versailles na matokeo yake." Wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha masharti kumi bila kuonyesha lipi lilizaa nini. Chagua machache, kila moja uliambatanishe na matokeo yake.

Hatua ya kwanza ni sentensi ya utangulizi: mkataba ulitiwa saini 28 Juni 1919 kati ya Ujerumani na mataifa yaliyoishinda katika Vita Kuu ya Kwanza. Usiingize hapa kugawanywa kwa Austria na Hungaria. Hayo yana mikataba yake.

Hatua ya pili, anza na sharti zito. Mfano:

"Kifungu cha 231 kiliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara zote za vita, na juu yake yakajengwa madai ya fidia. Mwaka 1921 fidia ilipangwa kuwa maki za dhahabu bilioni 132. Ujerumani ilipochelewesha makaa ya mawe na mbao, Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr. Wafanyakazi waligoma, serikali ikawalipa kwa kuchapisha noti, na mfumuko wa bei uliokuwepo tayari ukavuka mipaka. Akiba za watu wa kawaida zikapotea."

Umeona? Sharti moja, matokeo manne, na kila sentensi inaivuta inayofuata.

Hatua ya tatu, gusa jeshi na ardhi kwa ufupi: askari wasizidi 100,000, ndege za kivita na nyambizi marufuku, Rhineland isiwe na jeshi, Alsace na Lorraine zirudi Ufaransa. Tokeo: Machi 1936 Hitler aliingiza askari Rhineland na hakuna aliyemzuia.

MASWALI

*Mwalimu, niandike kwamba mkataba ndio uliomleta Hitler?*
Usikate moja kwa moja hivyo. Mwaka 1928 chama chake kilipata viti 12 tu bungeni. 1930, baada ya mdororo wa uchumi wa dunia kuanza, kilipata 107. Andika kwamba mkataba ulimpa hoja ya kuhubiri, na ukosefu wa ajira ukampa wasikilizaji.

*Na Tanganyika inaingia wapi?*
Kifungu cha 119: Ujerumani iliachia makoloni yake yote. Afrika Mashariki ya Kijerumani ikagawanywa. Uingereza ikapewa Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, zote chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Ureno ikachukua kipande cha Kionga, kusini ya mto Ruvuma. Hicho cha Kionga wengi hukisahau.

*Kama swali lina alama tano tu?*
Utangulizi, aya ya fidia, kisha sentensi moja ya Rhineland. Basi.