SOMO: Kuzima utambuzi wa maudhui na matangazo binafsi kwenye runinga janja (Samsung na LG)

Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lile lile: "TV yangu itajuaje ninachotazama wakati mimi natumia king'amuzi, sigusi hata programu zake?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Inajua kwa sababu haiangalii king'amuzi chako, inaangalia kioo chake yenyewe. Picha au sauti iliyopo kwenye skrini inachukuliwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinageuzwa kuwa mfuatano mfupi wa tarakimu, kama alama ya kidole. Alama hizo zinatumwa kwenye seva yenye maktaba ya alama za vipindi, filamu na matangazo. Ikipatikana inayofanana, wanajua umetazama nini, saa ngapi na kwa muda gani. Utambuzi huu wenyewe wanauita ACR. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London (UCL), California Davis na Carlos III cha Madrid walipima mawasiliano ya runinga hizi. Waliikuta LG ikituma alama kila baada ya sekunde 15, na Samsung kila dakika moja. Walipochomeka kompyuta kwa waya wa HDMI na kuifanya TV kioo tu, alama ziliendelea kwenda. Kwenye programu za Netflix na YouTube hawakuiona ACR ikifanya kazi, ila programu hizo zina kumbukumbu zao za unachotazama, na somo hili haliziathiri.

Na alama haziishii kuwa tarakimu tupu. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya mamlaka kuishtaki kwa kukusanya utazamaji wa runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Taarifa ziliambatana na anwani ya intaneti ya nyumba, na kwa anwani hiyo wanunuzi wa taarifa hizo waliunganisha umri, jinsia, kipato na hali ya ndoa ya waliomo ndani. Ndiyo maana nasisitiza: kuna swichi mbili. Moja inazuia kukusanya, nyingine inazuia kutumia kilichokusanywa kukulenga kwa matangazo. Wengi wanazima ya pili na kulala usingizi.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha nyumba kwenye rimoti, ingia "Settings", kisha "All Settings".

Hatua ya 2, Samsung. "General & Privacy", "Terms & Privacy", "Privacy Choices". Toa tiki kwenye "Viewing Information Services", kisha kwenye "Interest-Based Advertisements". TV za zamani kidogo zinaviweka chini ya "Support", "Terms & Policies".

Hatua ya 3, LG. "General", "System", "Additional Settings", zima "Live Plus". Hiyo ndiyo ACR, ingawa jina halisemi. Kisha ingia "Advertisement" na WASHA "Limit Ad Tracking". Hii inawashwa, haizimwi, maana yenyewe ni kizuizi.

Hatua ya 4, mikataba. Hapa ndipo nilipoharibu, soma taratibu. Kwenye "User Agreements" (au "Privacy Choices") utakuta orodha ya visanduku. Mara ya kwanza nilitoa tiki zote kwa hasira, pamoja na ile ya masharti ya matumizi na ya sera ya faragha. Jioni watoto wakaja: programu zote hazifunguki. TV ikaleta ukurasa wa kuomba nikubali upya, juu kabisa kuna kisanduku kimoja kikubwa cha kukubali vyote. Nikabonyeza ili watoto waangalie katuni. Kisanduku hicho kiliwasha tena hadi nilivyozima hatua zilizotangulia, na nilikaa miezi miwili nikiamini nimezima. Kwa hiyo: masharti ya matumizi na sera ya faragha ziache na tiki, bila hizo huduma za intaneti hazifanyi kazi. Ondoa zile za hiari tu: inayotaja "Viewing Information", inayotaja matangazo, na ya sauti kama huongei na rimoti. Na USIBONYEZE "kubali vyote" popote, hata baada ya sasisho la programu, maana sasisho linaweza kuleta ukurasa ule ule tena. Shuka chini, chagua kimoja kimoja.

Hatua ya 5. Chomoa TV kwenye umeme, subiri dakika moja, washa, rudi ukahakikishe swichi zimebaki ulivyoziacha.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu sijasoma yote, Samsung nabonyeza wapi?
— Hatua ya 2.

Mdau Arusha: Nimezima kila kitu lakini matangazo bado yapo. Somo halifanyi kazi.
— Sijaandika popote kwamba matangazo yataondoka. Yatabaki, ila hayatachaguliwa kwa kufuata unachotazama. Soma tena aya ya swichi mbili.

Mama Nasra: Shukrani kaka. Naweza kujua kwa hakika kwamba imezima, bila kuiamini menyu?
— Dada, swali zuri. Baadhi ya ruta zinaonyesha majina ya seva ambazo kila kifaa kinaziulizia, na kama yako haionyeshi, kuna programu ya bure ya Pi-hole inayofanya hivyo kwenye kompyuta ndogo. Tazama king'amuzi nusu saa kabla ya kuzima, kisha nusu saa baada ya kuzima, halafu linganisha. Watafiti wale waliona majina kama haya:

```
eu-acrX.alphonso.tv
log-config.samsungacr.com
acr-eu-prd.samsungcloud.tv
```

La kwanza ni la LG (hiyo X ni namba inayobadilika), mawili ni ya Samsung. Sehemu ya "eu" hutofautiana kwa eneo, wewe tafuta "alphonso" na "acr". Wao walipozima kwenye menyu, mawasiliano ya ACR yalikoma. Ukiyaona bado, rudi hatua ya 4. Unaweza kuyafunga majina hayo kwenye ruta pia, ila usifunge jina zima la kampuni, utakosa masasisho.

Fundi Kinondoni: Wateja wangu wengi wana Sony na TCL za Google TV.
— Mzee, hizo: "Settings", "Privacy", "Ads", kisha "Delete advertising ID". Kwenye Sony angalia pia kama kuna "Samba Interactive TV", ukiikuta izime. Hiyo ndiyo ACR yake.

Mdau Arusha: Si niitoe tu kwenye intaneti?
— Hilo linafanya kazi kabisa kama unatumia king'amuzi peke yake. Isahaulishe Wi-Fi, basi.

Fundi Kinondoni: Niongeze moja. Anayenunua TV iliyotumika airudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani. Nimeletewa TV bado ina akaunti ya mwenye nayo wa zamani, na tiki zake zote.
— Sahihi, mzee. Na baada ya kuirudisha kiwandani ule ukurasa wa kukubali vyote ndio wa kwanza kutokea, kwa hiyo aanze na hatua ya 4 palepale.