Jinsi ya kuandika ripoti ya vitisho vya Kiswahili ili msimamizi aelewe na achukue hatua

"Dada, tunajua unatoka kazini saa mbili usiku. Utakiona cha mtema kuni."

Mswahili akisoma ujumbe huu, mwili unamsisimka. Upitishe kwenye mashine ya tafsiri, unaweza kutoka na habari za mtu anayemaliza kazi saa nane za usiku na mkata kuni asiyejulikana anafuata nini. Hapo ndipo ripoti nyingi za Kiswahili zinapofia. Kwa miaka kadhaa nimesoma ripoti za namna hii nikiwa msimamizi wa maudhui kwenye mitandao ya kijamii, na nimeona vitisho vya kweli vikifungwa kwa jibu la "hakuna kanuni iliyovunjwa" kwa sababu aliyeripoti alidhani maneno yanajieleza yenyewe. Nitautumia ujumbe huo mmoja kuonyesha hatua zote.

Kwanza ujue nani anasoma. Mara nyingi ripoti hupita kwanza kwenye programu inayoichambua na kuipanga kwenye foleni, kisha ndipo humfikia mtu. Mtu huyo anaweza kuwa anakijua Kiswahili vizuri, anaweza kuwa anajua cha upande mwingine na hajawahi kusikia misemo ya kwenu, au anasoma kwa tafsiri ya mashine. Huwezi kujua umempata yupi, kwa hiyo andika kwa ajili ya aliye mbali zaidi na lugha. Tena mara nyingi anaoneshwa ujumbe mmoja tu ulioripotiwa, si ugomvi wenu wa miezi mitatu. Swali lililo mbele yake si kama mtu huyu ni mbaya. Anaulizwa kama maneno haya yanavunja kanuni fulani.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuripoti

Hifadhi ushahidi kwanza, kisha ndipo uripoti, na kumbloku mtu kuje mwisho. Ukianza na kubloku, kwenye baadhi ya mitandao ujumbe wake unaweza kutoweka machoni pako.

Nakili linki ya ujumbe wenyewe, si ya profaili. Kwenye mitandao mingi linki hiyo hupatikana kwa kubonyeza tarehe au saa iliyo juu ya posti, au kwenye menyu ya kushea. Linki ya profaili inampa msimamizi mamia ya posti za kupekua, na hana muda huo. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, maneno yote na saa, bila kukata pembeni. Andika pia jina la akaunti linaloanza na alama ya @, maana jina kubwa linaloonekana juu mtu hulibadilisha wakati wowote.

Kwenye WhatsApp kuna jambo la kuangalia zaidi. Ukiripoti mtu au kundi, kampuni hupokea hadi jumbe tano za mwisho ulizotumiwa, basi. Kama kitisho kilikuja asubuhi na baadaye mtu huyo akakutumia "mambo", "mbona kimya" na emoji kumi, kitisho chenyewe huenda kisiwemo kabisa. Bonyeza na ushikilie ujumbe wenye kitisho, uripoti huohuo.

Kuchagua aina ya kosa

Fomu itakupa orodha: vitisho vya vurugu, bughudha, lugha ya chuki, kuanika taarifa binafsi, na kadhalika. Chagua kosa zito kuliko yote ambalo maneno yenyewe yanaweza kulithibitisha. Ujumbe wetu una tusi? Hauna. Una kitisho, na unaonyesha kwamba mwandishi anafuatilia nyendo za mtu. Kwa hiyo ni kitisho cha vurugu. Watu wengi huchagua "kitu kingine" au "sipendi hiki" kwa kuwa wanaona aibu au wana haraka, na ripoti inakwenda kwenye foleni isiyo na uharaka wowote.

Kuandika maelezo

Hivi ndivyo wengi huandika: "Naombeni msaada, huyu mtu ananisumbua sana tangu mwaka jana, ameniambia maneno mabaya siwezi hata kuyaandika, nimechoka jamani, mfungieni." Naelewa kabisa uchungu ulio ndani yake. Lakini msimamizi hapati neno hata moja la kulilinganisha na kanuni. Maneno gani? Yamesemwa lini? Yana maana gani?

Ujumbe uleule ukiandikiwa ripoti vizuri unakuwa hivi:

> Ninaripoti kitisho cha vurugu dhidi yangu. Ujumbe ni wa Kiswahili.
>
> Maneno yenyewe: "Dada, tunajua unatoka kazini saa mbili usiku. Utakiona cha mtema kuni."
>
> Maana: "Saa mbili usiku" kwa saa za Kiswahili ni 20:00, na ndiyo saa ninayotoka kazini kweli. "Kukiona cha mtema kuni" ni msemo. Neno kwa neno ni kuona alichokiona mkata kuni, lakini maana yake ni kupata mateso makali. Hapa maana yake ni: "tunajua saa unayotoka kazini, na tutakuumiza."
>
> Muktadha: Mwandishi wa akaunti hii simfahamu. Ujumbe ulitumwa tarehe 3 saa 21:40 (UTC+3), baada ya mimi kukataa kufuta maoni yangu. Ni wa tatu kutoka akaunti hiyo ndani ya siku mbili. Linki za zote tatu nimeziweka chini.
>
> Ninaomba jumbe hizi ziondolewe na akaunti ichunguzwe.

Angalia mpangilio wake. Kosa limetajwa kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu sanduku la maelezo huwa dogo na msomaji huamua haraka. Lugha nayo imetajwa mapema, kwa kuwa programu hukosea kutambua lugha ya sentensi fupi, hasa ikichanganywa. Kama ujumbe ni wa Kikamba, Kihaya au Sheng, taja jina la lugha hiyo hapohapo. Maneno yamenukuliwa herufi kwa herufi. Kisha tafsiri imekuja mara mbili, neno kwa neno na maana halisi. Tafsiri ya neno kwa neno inamwezesha msimamizi kuona kwa nini mashine yake ilimpa upuuzi. Maana halisi ndiyo anayoifanyia kazi. Ukimpa ya pili peke yake, anaweza kushuku kwamba umeongeza chumvi, maana haifanani na anachokiona kwenye skrini yake.

Kwenye kunukuu usione haya. Kama ni tusi la mama, liandike lote ndani ya alama za kunukuu. Nyota tatu katikati ya neno zinamwacha msimamizi akikisia. Na kama mwenyewe aliandika kwa hila, mfano "ntkmlz" badala ya "nitakumaliza", nukuu alivyoandika, kisha ufungue neno pembeni: herufi zimerukwa ili kukwepa vichujio, na neno kamili ni hili.

Suala la saa lina madhara kuliko linavyoonekana. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, wengine wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "alinitumia saa tatu usiku", anayesoma kwa tafsiri ataitafuta posti ya 03:00 na hataiona. Andika 21:00, na uweke UTC+3 kama uko kwenye saa za Afrika Mashariki.

Lingine ni "a-" yetu, ambayo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni nani kati ya watu wawili. "Alimwambia kwamba atampiga" tukiwa tunaongea tunaelewana, lakini mashine itabahatisha nani atapigwa. Wape watu majina ya kazi na uyarudie hata kama sentensi inakuwa nzito: "mwenye akaunti", "mimi", "rafiki yangu niliyetajwa".

Maneno yanayoonekana safi

Kazi ngumu zaidi iko kwenye maneno ya kawaida yanayogeuzwa silaha. "Tutakushughulikia" ni mfano mzuri. Kitenzi hichohicho ndicho ofisi hutumia kukujibu, "tunashughulikia ombi lako", na kikitafsiriwa kinatoka kama huduma. Au chukua "madoadoa". Kwenye kamusi ni alama za rangi tu. Lakini katika siasa za Kenya limetumiwa kuwaita watu wa makabila yanayoonekana kuwa wageni mahali fulani, kwa maana kwamba waondolewe. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uwiano na utangamano ya nchi hiyo, NCIC, iliweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki.

Kwa neno la namna hii, tafsiri haitoshi. Eleza linamlenga nani, na limetumiwa hivyo wapi. Kama kuna taasisi ya umma iliyolitaja, sema. Kama akaunti hiyohiyo imelitumia mahali pengine kwa maana iliyo wazi zaidi, weka linki. Kisha onyesha ni kitu gani ndani ya ujumbe huu kinachoondoa maana ya kawaida. "Tutakushughulikia" peke yake ina utata. Ikifuatwa na picha ya lango la nyumba yako, utata umekwisha.

Na pale utata ulipo, ukubali. Andika kwamba neno linaweza kuwa na maana mbili, kisha useme kwa nini unaamini ni hii. Kuna ripoti nilizosoma ambamo "utajuta" ilitafsiriwa kuwa "nitakuua". Ukilikuta hilo huwezi tena kuziamini sentensi nyingine za mtu huyo, hata zile za kweli.

Baada ya kutuma

Hifadhi namba ya ripoti au skrinshoti ya uthibitisho. Majibu yakija kwamba hakuna kosa, tumia nafasi ya kukata rufaa kama ipo, lakini usirudishe maneno yaleyale kwa herufi kubwa. Jiulize msimamizi alikosa nini. Mara nyingi ni maana ya msemo au ujumbe uliotangulia. Andika mwanzoni mwa rufaa: "Huenda tafsiri haikuonyesha kwamba msemo huu ni kitisho," kisha ueleze. Kuwaomba marafiki mia waripoti bila maelezo hakusaidii sana, kwa sababu msimamizi anarudishiwa sentensi ileile ambayo hakuielewa mara ya kwanza.

Ripoti inaweza kuondoa ujumbe au akaunti. Haiwezi kusimama nawe unapotoka kazini saa 20:00. Mtu akishaonyesha kwamba anajua nyendo zako, peleka linki na skrinshoti hizohizo polisi siku hiyohiyo, na umwambie mtu unayemwamini, bila kusubiri jibu la mtandao. Usifute chochote kwenye simu yako hata baada ya akaunti kufungwa. Ujumbe ukiondolewa mtandaoni linki haifunguki tena, na nakala uliyobaki nayo inaweza kuwa ndiyo pekee utakayokuwa nayo mkononi.