Kufuatilia pendekezo lisilojibiwa: mfano wa mashine ya kusaga ya Makambako

Kazi yangu ni kupima unyevu wa nafaka na kufundisha wapokeaji wa mizigo kwenye mashine za kusaga na maghala, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Kila mwaka, mahindi yanapoanza kuvunwa, huwa nimeshapeleka mapendekezo kadhaa, na mengi kati ya hayo hayajibiwi. Kwa muda mrefu nilikuwa nafuatilia kwa swali moja tu: «Naomba kujua kama umeliona pendekezo langu.» Swali hilo humtaka mteja akiri kwamba hajasoma au kwamba hajaamua, naye hujiokoa kwa kusema «nitaangalia», kisha kimya kinarudi. Nitaeleza ninavyofanya siku hizi, kwa kufuata kazi moja ya Makambako tangu mwanzo hadi mwisho.

Mteja alikuwa mama mwenye mashine inayokoboa na kusaga sembe. Mwishoni mwa Mei nilimtumia pendekezo la kurasa nne: kupima kila mzigo unaoingia kwa msimu mzima, pamoja na mafunzo kwa vijana wake wawili wa mapokezi, kwa shilingi 1,200,000. Siku tisa zilipita bila neno lolote.

Hatua ya kwanza: soma pendekezo lako mwenyewe kabla ya kumwandikia mteja. Lifungue kwenye simu, kwa sababu huko ndiko anakolifungulia yeye, na ujiulize ni swali gani lisilo na jibu ndani yake. Langu lilieleza vizuri kifaa, ratiba na bei, lakini halikusema popote yeye anapoteza kiasi gani asipopima. Mama huyu hakuwa akiamua peke yake, kwani mumewe ndiye aliyeshika fedha za kununulia mahindi. Hata kama angelipenda pendekezo langu, hakuwa na la kumwambia mumewe zaidi ya kwamba kuna mtu anataka shilingi milioni moja na laki mbili. Mara nyingi kimya hukaa hapo hasa: aliyesoma hana hoja ya kumpelekea yule anayelipa. Kitu cha kuongeza kinapaswa kujaza pengo hilo, wala si pengo jingine lolote.

Hatua ya pili: tafuta kitu kimoja chenye faida kwake hata asipokuajiri. Punguzo la bei halihesabiki hapa, maana linamfaa tu akinunua, na tena linamfundisha kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli. Nilichukua bambo la kutolea punje ndani ya gunia na kipima unyevu, nikapita kwa wafanyabiashara watano wa mahindi pale Makambako, na kwa ruhusa yao nikachoma gunia moja la kila mmoja juu, katikati na chini. Nilichanganya punje za kila gunia, nikapima mara tatu na kuchukua wastani. Gunia kavu kuliko yote lilikuwa na unyevu wa asilimia 15.8, lenye maji mengi kuliko yote asilimia 18.2, na la katikati asilimia 17. Hilo halishangazi, kwa kuwa Juni na Julai ni miezi ya baridi kali katika nyanda hizi, na mahindi hukauka polepole yakiwa bado shambani. Kiwango kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5.

Kisha nikapiga hesabu. Mahindi yakikauka hupoteza maji tu, na sehemu kavu hubaki ileile, kwa hiyo:

```
kilo zitakazobaki = kilo za sasa × (100 − unyevu wa sasa) ÷ (100 − 13.5)
```

Tani moja yenye unyevu wa asilimia 17 hubaki na kilo 960 hivi ikifika asilimia 13.5. Mnunuzi amelipia karibu kilo 40 za maji. Kwa bei ya shilingi 600 kwa kilo, aliyokuwa akinunulia wakati huo, lori la tani kumi linabeba maji ya karibu shilingi 240,000.

Kazi hiyo yote ilinichukua asubuhi moja, na hapo ndipo ninapoweka mpaka. Kama ningepima mizigo yake mwenyewe kwa wiki nzima, ningekuwa nimemfanyia bure kazi ileile ninayomwomba anilipe.

Hatua ya tatu: andika ujumbe unaosomeka bila kufungua faili. Wangu ulikuwa huu, neno kwa neno:

«Shikamoo Mama. Jana nilipima magunia matano kwa wafanyabiashara wa hapo Makambako. Unyevu ulikuwa kati ya asilimia 15.8 na 18.2. Kwa gunia la katikati, kila tani ina karibu kilo 40 za maji zitakazopotea yakikauka, sawa na shilingi 24,000 kwa bei ya 600, kama bei haikukatwa wakati wa kupokea. Magunia matano ni machache, mzigo wako unaweza kuwa tofauti. Nimeambatanisha picha ya hesabu ili uweze kuweka namba zako. Je, vijana wako wa mapokezi hukata bei kwa mahindi mabichi, au hupokea kwa bei moja?»

Sikulitaja pendekezo hata mara moja. Analo tayari, na jina langu linamkumbusha. Nilikiri udogo wa kipimo kwa makusudi, kwa sababu mfanyabiashara wa mahindi anaujua mzigo wake kuliko mimi, na namba iliyotiwa chumvi angeitambua mara moja. Swali la mwisho linahusu kazi yake, na linajibika kwa maneno mawili. Picha niliifanya iwe ya ukurasa mmoja ili aweze kumtumia mumewe bila maelezo yangu. Niliutuma kwa WhatsApp saa mbili usiku, mashine ikiwa imezimwa, kwa kuwa mchana huwa anashughulika na madereva na wapakiaji.

Hatua ya nne: pima jibu kwa kile linachouliza. «Asante kwa taarifa» ni adabu njema, lakini si dalili ya kazi. Dalili ni pale mteja anapoleta namba zake. Kesho yake asubuhi aliniuliza: «Mbona kwangu upungufu ni mkubwa kuliko huo?» Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba hesabu yangu inahusu maji peke yake, na kwamba vumbi, takataka na punje zilizovunjika zinaweza kuongeza upungufu huo, hivyo apime takataka za magunia matatu kwa ungo na mzani kabla ya kuulaumu unyevu wote. Jibu hilo lingeweza kupunguza uzito wa pendekezo langu, lakini lilikuwa la kweli.

Kama asingejibu, ningesubiri wiki mbili na kutuma kipimo kipya kimoja, kwa kuwa unyevu hushuka kadiri msimu unavyosonga. Kisha ningemwandikia mara ya mwisho kumjulisha tarehe ambayo bei yangu inafikia kikomo, na kunyamaza hadi mavuno yajayo. Baada ya Agosti mahindi mengi yamekauka, na hoja yangu inakosa nguvu kweli.

Siku nne baadaye alinipigia simu, mumewe akiwa pembeni. Hawakutaka huduma ya msimu mzima. Walitaka niwachagulie kipima unyevu wanunue wenyewe, niwafundishe vijana kwa siku mbili, na niwatengenezee jedwali la kukata bei kwa kila kiwango cha unyevu, la kubandika ukutani kando ya mzani. Niliandika pendekezo jipya la ukurasa mmoja jioni hiyohiyo, na likasainiwa Jumatatu.