Kuileta kaulimbiu ya Kiingereza kwa Kiswahili bila kunuka tafsiri: mfano wa M-Pesa

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, Machi 2007, iliitangaza kwa kaulimbiu ya Kiingereza yenye maneno matatu na silabi nne tu, "Send Money Home": mtu anaambiwa atume pesa nyumbani. Naipenda kwa kufundishia, kwa sababu inaonekana rahisi. Tuseme mteja amekuletea hiyo leo, anataka ya Kiswahili kwa bango la barabarani. Mimi ningekwenda hivi.

Hatua ya 1: Tafuta neno linalobeba mzigo

Funika neno mojamoja kwa kidole uone kaulimbiu inakufa wapi. Ukifunika pesa, bado unahisi kitu. Ukifunika nyumbani, imekwisha; limebaki agizo la karani wa benki. Kwa hiyo nguvu iko kwenye nyumbani, yaani kwa wale uliowaacha ulipokwenda mjini kutafuta. Andika hilo kwa sentensi moja pembeni ya karatasi. Ndilo utakalopimia kila jaribio.

Hatua ya 2: Andika tafsiri ya moja kwa moja, kisha uihoji

"Tuma pesa nyumbani." Ni Kiswahili safi, hakuna wa kukusahihisha. Lakini kwa mpangaji wa Mbagala, nyumbani ni pale anapolala na vilevile ni kule Songea kwa wazazi. Umbali, ambao ndio uchungu wenyewe wa kaulimbiu, umepungua.

Ukibadilisha kuwa "kijijini", umeurudisha umbali lakini umemwacha nje mtu ambaye kwao ni Tanga mjini, tena wengine watasikia dharau.

"Tuma pesa kwenu" ilinivutia sana: maneno matatu, kila moja silabi mbili, mkazo unapiga kama ngoma. Tatizo ni kwamba "kwenu" ni pia "kwa ninyi". Nilishawahi kumpelekea mteja mmoja mstari wenye neno hilo, nikausomea watu sita kwa simu. Wawili waliuliza, "Mnatutumia sisi?" Niliutoa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Sikiliza watu wanavyolisema jambo lenyewe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Achana na Kiingereza, kaa karibu na kibanda cha wakala. Utasikia "nitumie na ya kutolea", utasikia "nimeishiwa, nitumie chochote". Na karibu kila anayetuma hupiga simu papo hapo: "Nimetuma. Umepata?"

Tazama hayo maneno mawili. Hakuna pesa ndani yake, wala nyumbani, na kila mtu anajua kinachozungumzwa. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtenda na wakati peke yake, kwa hiyo unaweza kuangusha nomino zote mbili bila hasara. Kutoka hapo nikapata:

"Umetuma, wamepata."

Silabi nne kwa nne, kila upande mkazo uko kwenye ya tatu: umeTUma, wamePAta. "Wa-" ndiyo iliyochukua nafasi ya nyumbani. Weka picha ya bibi mlangoni ameshika simu, nayo inakamilika. Agizo limepotea, ni kweli. Badala yake umesema jambo limeshatendeka, na kasi imeingia bila neno "haraka".

Hatua ya 4: Ikejeli kabla watu hawajaikejeli

Geuza kaulimbiu iwe tusi. "Umetuma, hawajapata." Siku mtandao ukikatika, hiyo itasambaa mitandaoni kabla ya saa sita mchana. Hapo mwulize mteja wazi: pesa inafika papo hapo kila mara? Akisitasita, iache, hata ikiwa tamu. Kwa sababu hiyohiyo niliitupa "Tuma leo, wale leo". Iliongeza ahadi ya siku ambayo Kiingereza hakikuitoa, na kwenye bango "wale" husomeka pia kama "wale pale".

Hatua ya 5: Ijaribu kwa sikio

Isome mara moja tu kwa mtu asiye wa kazi hii, kwa simu, bila kumwonyesha maandishi. Kesho yake mwombe aikumbuke. Akirudisha maneno yaleyale, mwache aeleze inauza nini. "Umetuma, wamepata" itakumbukwa, lakini bila picha baadhi watauliza wamepata nini. Ndiyo maana kwa redio ningebaki na "Tuma pesa nyumbani", halafu umbali niutengeneze kwa sauti: mlio wa simu, jogoo, mama anaitikia.

Hatua ya 6: Mpelekee mteja

Peleka mbili, si kumi. Chini ya kila moja andika inachopoteza kuliko ya Kiingereza. Usipoandika, atampa mpwa wake anayejua Kiswahili, naye atairudisha kwenye tafsiri ya neno kwa neno.